Kitufe cha Sijambo

Binti yangu alichora mpango wa barua tano za wateja kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia, na mimi nikawa nazifuta kwa kiwiko bila kujua, kwa sababu nilikuwa nakata kola.

"Baba, umefuta siku ya tatu."

"Siku ya tatu iko wapi?"

"Iko kwenye mkono wa shati lako."

Kweli ilikuwepo, nyeupe, hadi mwisho wa mkono. Akachukua karatasi ya pateni, ile ya kaki ya kuchorea vipande vya nguo, akaibandika ukutani kwa pini na kuanza upya. Mama yake alikuwa anapiga pasi gauni la oda. Akasema, "Mwache baba yako. Huyo hata barua ya posa aliyoniletea ilikuwa na alama ya pasi."

Duka letu la nguo liko mtandaoni. Ukija kulitafuta kwa miguu utakuta chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye cherehani mbili, meza moja, rafu ya vitambaa na dirisha lisilofunga vizuri. Mimi nashona. Mke wangu anapiga pasi na kufunga vifurushi. Binti yetu, tunayemwita Meneja tangu akiwa na miaka sita kwa sababu alizaliwa na sauti ya kuamrisha, anafanya mengine yote: picha, tovuti, oda, na kujibu wanaouliza kama nguo inabana.

Tatizo letu lilikuwa watu wanaojiunga. Kwenye tovuti kuna kisanduku kinachosema: andika anwani yako ya barua pepe upate punguzo la asilimia kumi kwa oda ya kwanza. Watu waliandika. Watano leo, wanane kesho, mpaka wakafika mia nne na ushee. Walipewa kuponi yao, wakapotea kama sindano kwenye zulia.

"Hatuongei nao," Meneja alisema. "Mtu anajiunga, tunamtupia kuponi, basi. Baada ya wiki hata jina letu halikumbuki. Tunahitaji mfululizo wa barua za kuwakaribisha."

Halafu akasema lile jingine. Kampuni moja ya magodoro, mji mwingine, ilikuwa imempa kazi ya kuwaandikia wateja wake. Walitaka jibu Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Utawaandikia nini watu wa magodoro?" mama yake akauliza. "Lala salama?"

"Mama, mimi nasema kweli. Nina miaka ishirini na saba. Siwezi kuzeeka hapa nikifunga vifurushi vitatu kwa wiki. Barua hizi zikileta wanunuzi kumi kabla ya Ijumaa ile, duka linaweza kunibeba, nabaki. Zisipoleta, nakwenda."

Nikasema, "Sawa."

Nilichotaka kusema ni kwamba asiende. Lakini mimi niliacha shule darasa la sita na maneno mengi niliyaacha huko huko. Nikasema sawa, nikaendelea na kola.

Mpango wake ulikuwa mzuri, hilo nalisema wazi. Barua ya kwanza inaondoka palepale mtu anapojiunga, akiwa bado ana simu mkononi, na inampa kuponi aliyoahidiwa bila kumzungusha. Baada ya siku mbili inakwenda ya pili, inayoeleza sisi ni nani na nguo zinashonwa wapi. Ya tatu inamfundisha kujipima kifua, kiuno na nyonga kwa tepu, maana nguo zinazorudishwa karibu zote zinarudi kwa sababu ya saizi. Ya nne ina picha na maneno ya watu walionunua. Ya tano, siku ya nane, inamkumbusha kwamba kuponi inakaribia kuisha, na hiyo haiendi kwa mtu aliyekwishanunua. Kila barua ina jambo moja tu na kitufe kimoja tu. Chini kabisa kuna anwani ya nyumba yetu, kwa sababu mtu anayekutumia tangazo lazima ujue anakaa wapi, na kuna mahali pa kujiondoa ukichoka.

Niliisoma ya kwanza mara mbili. "Salamu iko wapi?"

"Imeandikwa Karibu."

"Karibu si salamu. Huwezi kumwuzia mtu shati hujamjulia hali."

"Baba, ni barua pepe."

"Barua ni nusu ya kuonana. Wewe ukionana na mtu unaanza na asilimia kumi?"

Mke wangu akacheka mpaka pasi ikatoa mvuke. Meneja hakucheka. Aliongeza neno "Hujambo" mwanzoni, ili kunifunga mdomo, akajiandikisha kwa anwani ya mama yake kujaribu, akaona barua imefika na kitufe kinafungua ukurasa sahihi, akawasha mfumo.

Wiki ya kwanza wakanunua wanne. Jumapili akafunga begi. Watu wa magodoro walimwita akaone ofisi yao, siku nne kwenda na kurudi. Kompyuta akaiacha mezani kwa ajili ya oda.

"Baba, oda ukiziona, mpe Mama. Kule kwenye barua usiguse."

"Nikaguse nini?"

"Nakujua."

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuangalia tu. Alikuwa amenionyesha siku moja: kuna visanduku na mishale, kila kisanduku ni barua, kila mshale ni njia. Ni kama vipande vya pateni. Mtu anayejua mkono unaingia wapi kwenye bega hawezi kupotea. Nikaona kwamba karibu nusu ya watu walifungua barua ya kwanza, wakaisoma, wasinunue. Nilikaa nikawaza. Mtu kafungua mlango, kakuangalia, kafunga. Maana yake umemkosea adabu. Na tulibakiwa na wanunuzi sita wa kutafuta na siku tano za kuwatafutia.

Basi nikaongeza kisanduku kimoja, mbele ya vyake vyote. Niliandika mwenyewe: "Hujambo? Hapa kwa fundi wa nguo hatujambo. Nyumbani hawajambo? Kazi inaendaje?" Chini yake nikaweka kitufe: "Sijambo." Kisha nikaweka sharti. Akibonyeza kitufe, anaendelea kwenye barua za Meneja na kuponi yake. Asipobonyeza, asubiri siku moja, na mshale unamrudisha juu, asalimiwe tena. Ulikuwa mshale mzuri, umepinda vizuri kama shingo ya gauni. Maana mtu asipoitikia salamu, huendelei na maneno mengine. Unamsalimia tena. Labda hakusikia.

Mwisho mashine ikaniuliza kama nataka kuwaingiza na waliojiunga zamani. Nikasema ndiyo. Ningewezaje kuwasalimia wageni nikawaruka wenyeji?

Watu mia nne na kumi na wawili walisalimiwa saa tatu asubuhi.

Jumanne wakasalimiwa tena, isipokuwa ishirini na sita walioitikia. Majibu mengine yakaja kwa barua kamili, nikawa nayasoma kwa sauti.

"Huyu anasema, 'Sijambo, ila mgongo.'"

"Maskini," mke wangu akasema. "Mwambie pole."

Nikamwandikia pole. Mwingine aliandika, "Ndugu, niliomba punguzo, sikuomba rafiki." Mwanamke mmoja aliandika mistari kumi na miwili kuhusu mwanawe asiyetaka kuoa, na mwisho akauliza kama tuna suruali za kitani. Huyo nilimhesabu kama mteja.

Jumatano alikuwepo mmoja mkali. "Jana nimewaandikia kwamba sijambo. Leo mnauliza tena. Mnajua nini kuhusu afya yangu ambacho mimi sikijui?"

"Kwani hakubonyeza kitufe?" mke wangu akauliza.

"Hakubonyeza. Alijibu kwa maneno. Mashine haihesabu maneno."

"Kwa hiyo kesho utamsalimia tena?"

"Mashine ndiyo itakayomsalimia."

"Baba Meneja, mimi nitakuwa jikoni. Mtoto akirudi, mimi nilikuwa jikoni wiki nzima."

Alhamisi saa nne mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamume wa makamo, tai, viatu vinavyong'aa, faili chini ya kwapa. Alitazama namba ya nyumba, akatazama karatasi yake, akanitazama mimi na tepu yangu shingoni.

"Hapa ndipo kwa fundi wa nguo ambako hawajambo?"

"Ndipo hapa. Karibu."

"Asante. Mimi ni katibu wa ofisi ya bima. Nimetumwa."

Nikampa kiti. Hakukiegemea. Akafungua faili. Alieleza kwamba salamu zetu zilifika kwenye anwani ya ofisi, ile inayosomwa na watu kumi na mmoja. Siku ya kwanza kila mmoja alidhani mwingine ameitikia. Siku ya pili mkuu wao aliuliza nani anafahamiana na fundi, na wote wakakana. Siku ya tatu wakaitisha kikao.

"Kikao cha nini?"

"Cha kitufe, mzee. Sisi ni watu wa bima. Mtu hawezi kutamka kwamba ofisi nzima haijambo bila idhini. Je, kesho ikitokea la kutokea? Mtu wa madai akasema tusibonyeze kitu. Mhasibu akasema tukae kimya. Mkuu akasema kukaa kimya ni utovu wa adabu, na siku ya tatu sasa."

"Huyo mkuu ana malezi," nikasema.

"Ana malezi. Ndiyo maana nimekuja." Akatoa barua yenye muhuri, akasimama, akasoma: "Kuhusu salamu zenu za Jumatatu, Jumanne, Jumatano na leo Alhamisi. Tunapenda kuwajulisha kuwa kwa kadiri tunavyofahamu hatujambo, isipokuwa mhasibu ambaye ana mafua. Jibu hili lihesabiwe kwa siku zote nne. Tunaomba msitusalimie tena bila kutoa taarifa."

Nilisimama na mimi. Sikujua nifanye nini, nikampa mkono. Tukiwa tumesimama hivyo, mlango ukafunguliwa, Meneja akaingia na begi lake na vumbi la safari.

"Shikamoo, Baba. Huyu ni nani?"

"Marahaba. Ametoka bima. Amekuja kuitikia salamu."

"Salamu gani?"

Katibu wa watu, bila ubaya wowote, akampa ile barua yenye muhuri. Aliisoma akiwa bado na begi begani. Aliliweka chini polepole, kama mtu anayeweka mayai, akaenda kwenye kompyuta. Mke wangu akaita kutoka ndani, "Mimi niko jikoni!"

"Baba," Meneja akasema bila kugeuka. "Kuna mshale unarudi juu."

"Ndiyo."

"Unarudi mpaka lini?"

"Mpaka aitikie."

"Na asipoitikia maisha yake yote?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Akasoma ujumbe mwingine, mabega yakamshuka. Ile kampuni tunayoitumia kusambaza barua ilikuwa imetufungia saa tatu ile ile, hata salamu ya nne ilipita kwa nusu tu ya watu kabla ya kukatwa. Watu tisa walikuwa wameziripoti salamu zangu kuwa barua taka. Sabini walikuwa wamejiondoa.

"Tisa si wengi," nikasema.

"Wanaruhusu mmoja katika elfu. Wewe umepata tisa katika mia nne. Baba, hata mtu aliyejiunga jana hakupata kuponi yake. Tulimwahidi. Umeiweka nyuma ya kitufe chako kama mbwa nyuma ya geti."

"Nilitaka wanunue. Walikuwa wamebaki sita."

"Najua walikuwa wamebaki sita! Nilikuwa nahesabu mimi!"

Katibu alikuwa bado amesimama. "Samahani," akasema. "Mimi nataka tu kujua kama jibu letu limepokelewa."

Meneja akageuka, akajifuta uso kwa kiganja, akawa mtu wa kazi. "Limepokelewa, kaka. Nawatoa sasa hivi. Nani alijiandikisha kwa anwani ya ofisi?"

"Hatujui. Tumebaki kumi, dada wa mapokezi yuko likizo."

"Basi ni dada wa mapokezi."

Katibu alifunga faili taratibu. Nadhani kikao kingine kilizaliwa hapo hapo. Aliaga, na mlangoni akageuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunashona mashati ya mikono mirefu kwa watu wenye mikono mirefu. Meneja akasema si leo, akafunga mlango.

Tukabaki sisi wawili. Nikangoja anipigie kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Baba, mtu akibisha hodi hapa mlangoni, unamjibuje?"

"Namwambia karibu."

"Humwambii hodi na wewe?"

"Nina wazimu?"

"Sasa yule anayeandika anwani yake pale, ndiye aliyebisha hodi. Amekuja mwenyewe. Neno la kwanza kashalisema yeye. Sisi kazi yetu ni kumwambia karibu, kumpa alichokifuata, kumwonyesha pa kukaa. Akitaka kuondoka, mlango uko wazi. Wewe umemkuta mlangoni, ukasimama katikati, ukaanza kumwuliza nyumbani hawajambo, na kila akinyamaza unamwuliza tena."

Nikaitazama ile karatasi ya kaki ukutani. Barua tano, siku ya kwanza hadi ya nane. Nilikuwa nimeipita mara mia na ndiyo kwanza naiona. Ilikuwa ni njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

"Mbona hukuniambia hivyo mwanzoni?"

"Nilikuambia usiguse."

"Usiguse si maelezo."

Akafikiri. "Hilo ni kweli," akasema.

Usiku ule hakuna aliyezungumza habari ya magodoro. Ijumaa asubuhi akakaa na kompyuta. Aliufuta mshale wangu. Alikitoa kisanduku changu. Wale wa zamani akawatoa kwenye mfululizo, wakabaki wapya peke yao, na kila aliyejiunga tangu Jumatatu akamwekea alama apate kuponi kwanza, njia ikifunguka. Nikamwuliza kama tuwaandikie wote kuomba radhi.

"Barua nyingine tena? Baba, dawa ya kusumbua ni kunyamaza."

Kampuni ya barua ilitaka fomu ijazwe ndipo ifikirie kutufungulia. Nini kilitokea. Watu hawa walijiunga wapi. Nini kimebadilishwa. Alijaza yote haraka, vidole vyake vinakimbia, kisha akafika mahali akasimama. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikaona mikono yake imetulia.

"Wanauliza nini?"

"Jina la mtu mmoja atakayesimamia barua hizi kuanzia sasa. Atakayeangalia kila siku na kujibu wakiuliza."

Mama yake alikuwa ametoka jikoni, wiki nzima ikiwa imekwisha. Akasimama na taulo mkononi. Simu ya Meneja ilikuwa mezani. Magodoro walikuwa wanangoja kabla ya saa sita. Wanunuzi walikuwa sita, si kumi, na wawili kati yao ni wa salamu zangu, lakini hilo sikulitaja. Nilijua akiandika jina lake, anabaki. Angebaki kwa sababu mimi nimeharibu na hakuna mwingine wa kutengeneza. Shati likishonwa upya kwa namna hiyo, mshono unaonekana siku zote.

"Andika langu," nikasema.

Mama yake akasema, "Mungu wangu."

"Baba, ukiachiwa wewe utawasalimia mpaka kaburini."

"Andika langu. Nenda kazini kwako."

Akaikunja mikono kifuani, kama mwalimu. "Haya. Mtu amejiunga leo saa nne. Saa sita akanunua gauni kwa kuponi. Siku ya nane anapata barua gani?"

Ningeweza kusema kitu chochote cha kijinga. Ningesema anapata hujambo. Angecheka, angeandika jina lake, angebaki, na mimi ningezeeka nikimwona pale kwenye kiti kila asubuhi. Ilikuwa rahisi hivyo. Lakini jibu nilikuwa nalijua, na mtu aliyeacha shule mapema hapewi mtihani mara nyingi.

"Hapati," nikasema. "Kishanunua. Unamkumbusha kuponi gani? Amekwishaitumia."

"Na ya tatu? Ya vipimo?"

"Hiyo apate. Ataiweka kwa oda nyingine. Ila ukisema 'hujanunua bado' humo ndani, umemtukana."

"Na akijibu barua kwa maneno?"

"Namjibu mimi, kwa mkono. Mara moja."

Mama yake alijifuta macho kwa lile taulo, akasema ni vitunguu, ingawa hakukuwa na kitunguu nyumba nzima. Meneja akageukia kompyuta akaandika jina langu, herufi moja moja, kisha akachukua simu akatoka nje kuwapigia watu wa magodoro. Dirisha letu halifungi vizuri. Nilimsikia akisema ndiyo, ndiyo, asante, Jumatatu.

Kampuni ya barua ilitufungulia Jumamosi. Jumapili Meneja akaondoka. Jumatatu, saa nne kasoro, mtu mpya alijiunga. Niliona jina lake likiingia kwenye kisanduku cha kwanza, na mfumo ukamwambia karibu na kumpa kuponi yake, wenyewe, kabla sijavaa miwani.

"Nani huyo?" mke wangu akauliza.

"Mgeni."

"Umemjulia hali?"

"Ameshakaribishwa."

Nikakaa nikakitazama kile kisanduku. Zilibaki siku mbili nzima kabla ya barua ya pili. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, karibu kabisa na kompyuta, nikauacha hapo hapo, na ule mwingine ukaendelea kukata.